Siku ya usaili wa ufadhili na nauli ya waombaji wa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa misimu kadhaa nilikuwa katibu wa kamati ya uteuzi wa ufadhili wa masomo. Sikuwa na kura. Kazi yangu ilikuwa kupanga siku za usaili, kuwaandikia waombaji barua pepe ya wito, kisha kupokea maswali yao. Walioishi karibu na ukumbi walijibu kwa neno moja, "nitafika." Walioishi mbali ndio waliokuwa na maswali, na mengi yalijirudia kila msimu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ambayo ningetamani yawe yamo ndani ya barua yenyewe tangu mwanzo. Kila kamati ina kanuni zake, kwa hiyo panapotofautiana, barua uliyopokea ndiyo inayotawala.

Barua imeingia. Nitafute nini kwanza ndani yake?

Tuichukue barua ya aina hii, maana nyingi zinafanana:

> Ndugu Mwombaji,
>
> Umechaguliwa kufika mbele ya jopo la usaili siku ya Jumatano, tarehe 14 mwezi wa 5, saa 3:30 asubuhi (09:30). Fika nusu saa kabla kwa ajili ya uhakiki wa vyeti halisi.
>
> Thibitisha kwa kujibu barua hii kabla ya Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa 5, saa 11:00 jioni. Waombaji wanaosafiri zaidi ya kilomita 300 watarejeshewa nauli ya basi la kawaida ya kwenda na kurudi, na watalipiwa malazi ya usiku mmoja kabla ya usaili. Tunza tiketi.

Macho ya karibu kila mtu yanakwenda kwenye tarehe 14. Mimi nakuomba uanzie tarehe 2. Hiyo ndiyo tarehe inayoweza kukupotezea nafasi ukiwa bado nyumbani, na ndiyo mwisho wa wewe kusema chochote kuhusu siku, saa au nauli na kikasikilizwa bila kugombana na ratiba ya wengine. Ikishapita, katibu ameshapeleka orodha kwa wanajopo na ameshaagiza vyumba.

Neno la pili la kutafuta ni "watarejeshewa." Maana yake unalipa kwanza kwa mfuko wako, kisha unarudishiwa. Barua ikisema "watapewa nauli" au "watatumiwa tiketi," hilo ni jambo jingine kabisa. Watu wengi wamesoma "msaada wa safari" kwenye kichwa cha barua, wakakaa kusubiri hela iingie, na haikuingia kwa sababu haikuahidiwa.

La tatu ni "usiku mmoja kabla ya usaili." Usiku wa baada ya usaili haukutajwa. Nitaurudia chini, kwa sababu hapo ndipo wa mbali wanapoumia.

Saa 3:30 ni saa ngapi?

Usicheke, swali hili limewahi kumkosesha mtu usaili. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, ilhali simu inahesabu tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa 6 kamili. Saa 3:30 asubuhi kwenye simu inasomeka 09:30. Saa 9:30 alasiri inasomeka 15:30, au 3:30 PM kama simu yako imepangwa kwa saa 12.

Hatari iko pale barua inapoandika "3:30" peke yake, bila asubuhi wala alasiri. Mwandishi anaweza kuwa alikusudia saa tatu na nusu asubuhi, au alinakili 3:30 PM kutoka kwenye kalenda ya kompyuta. Kijana mmoja alikuja akiwa ametulia kabisa saa tisa na nusu alasiri, jopo likiwa limeshafunga mafaili. Kosa lilikuwa langu, kwani niliandika tarakimu tupu. Tangu siku hiyo nikawa naandika saa kwa njia zote mbili, kama kwenye mfano hapo juu.

Ukiona tarakimu tupu, usikisie. Andika kwenye jibu lako: "Nimeelewa kuwa ni saa tatu na nusu asubuhi, yaani 09:30." Kama umeelewa vibaya, katibu atakusahihisha siku hiyo hiyo. Tarehe nayo itazame kwa jicho hilohilo: 05/06 inaweza kuwa tarehe 5 mwezi wa 6 au tarehe 6 mwezi wa 5, inategemea aliyeandika amezoea nini. Jina la siku ndilo linaloamua. Kama siku na tarehe haziendani kwenye kalenda, mojawapo ina kosa, na ni lazima uulize.

Kwa nini nimepangiwa siku hii na si nyingine?

Kwa kawaida usaili unachukua siku mbili au tatu mfululizo, kwa sababu wanajopo ni watu wenye kazi nyingine na hawapatikani wiki nzima. Tuseme ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mpangaji mzembe anafuata alfabeti. Mpangaji anayejali anafuata barabara.

Mtu wa mbali sana hawekwi Jumanne, kwa sababu atalazimika kuondoka kwake mwishoni mwa wiki, wakati ofisi ya kamati imefungwa. Likimtokea jambo njiani hakuna wa kupokea simu. Alhamisi nayo si nzuri kwake, kwa kuwa basi likikwama hakuna siku nyingine ya kumsogeza. Jumatano ndiyo yake: anasafiri siku ya kazi, na nyuma yake kuna siku moja ya akiba. Kwa hiyo ukiona umewekwa katikati, huenda si bahati. Kuna mtu alipima umbali wako.

Saa nayo ina hesabu yake, ila inawahusu zaidi wa masafa ya kati. Aliye umbali wa saa 12 kwa basi atalala tu njiani au mjini, umpe asubuhi au mchana. Aliye umbali wa saa 4 ndiye anayeweza kwenda na kurudi siku moja au akalazimika kulala, na kinachoamua ni saa aliyopangiwa tu.

Mwombaji mmoja alikuwa na basi la kwanza la saa 12 asubuhi, lililofika saa 4, na la mwisho la kurudi saa 10 jioni. Alikuwa amepangiwa saa 3:30 asubuhi, muda ambao basi lake lingekuwa bado njiani, kwa hiyo angelazimika kuja jana yake. Aliandika mistari mitatu akieleza ratiba ya mabasi na kuomba saa 6:30 mchana. Tukambadilisha na mtu aliyeishi karibu na ukumbi. Akafika saa 4 na ushei, akabaki na saa mbili za akiba kabla ya usaili, na kabla ya giza alikuwa njiani kurudi. Kamati nayo ikaokoa chumba.

Siku niliyopangiwa hainifai kabisa. Naweza kuomba ibadilishwe?

Unaweza, mara moja, mapema, na kwa sababu inayoweza kuthibitishwa. Mtihani wenye ratiba iliyotolewa, kulazwa hospitali, msiba wa karibu, tarehe ya kujifungua: hizi hakuna aliyezibishia. "Nina shughuli" haisaidii, na "sitaweza" bila maelezo ni mbaya zaidi, maana inasomeka kama kujitoa.

Ombi zuri lina vitu vitatu: sababu pamoja na uthibitisho wake, siku nyingine ndani ya siku za usaili zilizotajwa, na sentensi inayosema utafanya nini wasipokubali. Hiyo sentensi ya mwisho wengi wanaiacha, na ndiyo inayomsaidia katibu kuliko zote. Mfano: "Ikishindikana nitafika Jumatano kama ilivyopangwa." Sasa anajua hakupotezi, na anaweza kukutafutia nafasi kwa utulivu. Usiombe tarehe iliyo nje ya siku za jopo. Jopo likishatawanyika haliitwi tena kwa ajili ya mtu mmoja.

Msaada wa safari unalipia nini hasa?

Kuna njia tatu, na ni vizuri kujua uko kwenye ipi.

Ya kwanza ni marejesho. Unalipa, unatunza tiketi, unajaza fomu ya madai, unarudishiwa. Hii ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu mhasibu anaipenda, kwani hela haitoki mpaka safari iwe imefanyika. Ya pili ni masurufu, yaani unapewa fedha kabla ya safari na baadaye unaleta risiti kuonyesha zilivyotumika. Zikibaki, unarudisha. Ya tatu ni kamati kukununulia tiketi na kulipa nyumba ya wageni moja kwa moja, nawe hushiki hela yoyote.

Kinacholipwa mara nyingi ni nauli ya chombo cha kawaida cha umma kwa njia fupi inayotumika, malazi kwa idadi ya usiku uliotajwa, na wakati mwingine posho ndogo ya kujikimu kwa kila siku ya safari. Ukichagua kupanda ndege au kukodi gari, utarudishiwa kiasi cha nauli ya basi tu, na tofauti ni yako. Ukienda na gari la mtu wa nyumbani, uliza kabla kama mafuta yanahesabiwa. Kamati nyingi hazina fungu hilo kabisa.

Kinachosahaulika ni vipande vidogo vya safari, yaani gari la kutoka kijijini hadi stendi kuu, kivuko, na usafiri wa kutoka stendi hadi ukumbini. Kwenye jedwali la kamati safari yako inaanza kwenye mji uliouandika katika fomu ya maombi. Kama uliandika mji wa karibu kwa sababu kijiji chako hakimo kwenye orodha ya kuchagua, basi kwao wewe unaishi stendi. Wasahihishe.

Nipe mfano wa hesabu nzima ya safari ya mbali.

Huyu ni binti aliyeishi kijijini, kilomita 40 kutoka mji wenye stendi, na mji huo uko kilomita 620 kutoka kwenye ukumbi. Barua yake ilikuwa kama ile ya juu: Jumatano saa 3:30 asubuhi, malazi ya usiku mmoja.

Basi la kwenda mji wa usaili lilikuwa moja kwa siku. Liliondoka saa 12 asubuhi na kufika kama saa 12 jioni. Gari la kijijini kwao nalo lilikuwa moja, likitoka kijijini saa 2 asubuhi na kurudi saa 9 alasiri. Kwa hiyo asingeweza kutoka nyumbani na kuliwahi basi siku hiyohiyo. Ilimbidi aondoke Jumatatu asubuhi, alale mjini penye stendi, apande basi Jumanne, na alale mji wa usaili usiku wa Jumanne. Jumatano angemaliza kama saa 5 asubuhi, lakini basi la kurudi lilikuwa limeshaondoka saa 12 alfajiri. Akalala tena. Alhamisi basi, akashuka stendi saa 12 jioni, gari la kijijini likiwa limeshatoka tangu saa 9 alasiri. Akalala hapo, na Ijumaa alasiri akapanda gari la kwao.

Hizo ni siku tano na usiku nne. Kwenye jedwali letu alikuwa na usiku mmoja. Sisi tulitazama kilomita, yeye akatazama ratiba ya magari, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kilichomwokoa ni jinsi alivyojibu. Hakulalamika wala hakuandika historia ya maisha. Aliandika hivi, kwa ufupi wake:

> Nathibitisha kuwa nitafika Jumatano tarehe 14 saa 3:30 asubuhi (09:30). Naomba kueleza safari yangu:
>
> Jumatatu: kijijini hadi stendi (gari moja tu, saa 2 asubuhi). Nitalala kwa shangazi.
> Jumanne: basi la saa 12 asubuhi, kufika saa 12 jioni. Malazi yaliyotajwa kwenye barua.
> Jumatano: usaili. Basi la kurudi huwa limeshaondoka. Naomba malazi ya usiku wa pili.
> Alhamisi: basi la saa 12 asubuhi. Nitalala kwa shangazi.
> Ijumaa: gari la kijijini, saa 9 alasiri.
>
> Naomba pia nauli nipewe kabla ya safari, kwa kuwa sina uwezo wa kulipa kwanza.

Angalia alivyopunguza mwenyewe. Usiku mbili za kwa shangazi hakuzidai. Alichoomba ni usiku mmoja wa nyongeza, nauli mbili za gari la kijijini ambazo hazikuwa kwenye jedwali letu, na masurufu. Mwenyekiti aliidhinisha bila swali. Nadhani hata angeomba zaidi angepewa, lakini ombi ambalo kila mstari wake unaweza kukaguliwa halina pa kukataliwa.

Kumsogeza kwenye saa nyingine kusingesaidia kitu. Hata angeingia wa kwanza kabisa, basi lilikuwa limekwenda. Ndiyo maana nasema fanya hesabu yako kurudi nyuma kutoka saa ya usaili, chombo kwa chombo, kisha ifanye tena kwenda mbele mpaka mlangoni kwenu. Nusu ya pili ndiyo ambayo barua za wito huisahau.

Sina hela ya kulipa kwanza. Nikisema hivyo si nitaonekana mzigo?

Hili ndilo swali lililoniuma zaidi, kwa sababu mara nyingi lilikuja baada ya usaili kupita. Mtu hakutokea, tukaandika "hakufika," na miezi baadaye tukajua alikosa nauli na akaona aibu kusema.

Mahali nilipofanya kazi, wanajopo hawakuona mawasiliano ya safari. Walipewa faili lenye fomu ya maombi, matokeo, barua za wadhamini na karatasi ya alama. Nani ameomba masurufu na nani amepanda ndege ni mambo yaliyobaki kwa katibu na mhasibu. Sitaapa kuwa kila kamati inatenganisha hivyo. Lakini fikiri: ufadhili unaotolewa kwa kigezo cha uhitaji, kisha unamshangaa mhitaji kukosa nauli?

Sema mapema tu. Masurufu yana njia ndefu kuliko unavyodhani. Katibu anaandika ombi, mwenyekiti anaidhinisha, mhasibu anaandaa hati ya malipo, na kuna mtu mwingine wa kutia saini ambaye huenda yuko safarini. Siku tano hadi saba za kazi ni jambo la kawaida. Ukiomba siku mbili kabla ya safari, hata wakikuhurumia hawatawahi. Weka kwenye ombi jina lako kama lilivyo kwenye akaunti ya benki au ya simu utakayopokelea, kwani jina lisipolingana malipo yanarudi na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kama akaunti ni ya mzazi, sema wazi kuwa ni ya mzazi.

Gari la kwetu halitoi tiketi. Nitarejeshewa vipi?

Uliza kabla ya kusafiri kama kuna fomu ya kujaza kwa safari zisizo na risiti. Ofisi nyingi zinayo: unaandika tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, aina ya chombo na kiasi, unatia saini, na kuna kikomo cha juu kinachokubalika. Kama haipo, andika karatasi yenye mambo hayohayo na umwombe dereva au kondakta aweke jina na saini.

Tiketi za basi nyingine huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na jua. Ipige picha palepale unapoipewa. Nimeshapokea tiketi nyeupe kama kitambaa, na mhasibu akanitazama tu. Jina lililo kwenye tiketi liwe lako, na tarehe iwe ya siku iliyo kwenye ratiba uliyowatumia. Tiketi ya wiki moja kabla, kwa sababu ulipitia kwa ndugu kwanza, italeta maswali ambayo hukuyahitaji.

Na usiongeze nauli ukidhani hawajui. Nauli za njia ileile huletwa na waombaji watatu au wanne kwa msimu. Zikiwekwa pamoja mezani, iliyoongezwa inajitokeza yenyewe.

Naweza kusindikizwa?

Kama una umri wa chini ya miaka 18, kamati nyingi zitataka usindikizwe au angalau zitaomba idhini ya mzazi kwa maandishi, na mara nyingi zitamlipia msindikizaji. Kama una ulemavu unaohitaji msaidizi, mtaje msaidizi kwenye jibu lako la kuthibitisha. Ukifika naye bila taarifa, chumba na nauli yake vitakuwa havijapangwa. Mama mwenye mtoto anayenyonya aseme pia, maana kinachohitajika hapo si hela tu. Ni chumba cha kungojea, na nafasi ya kuingia bila kukaa kwenye foleni ndefu.

Mtu mzima anayetaka tu kampani ya rafiki atajilipia kampani hiyo.

Basi limeharibika njiani. Nifanye nini?

Piga simu kabla saa yako haijapita. Simu iliyopigwa saa 2 asubuhi, "basi limeharibika, tupo hapa, mafundi wanasema saa mbili zaidi," inanipa nafasi ya kumwingiza mtu mwingine mahali pako na kukusogeza mchana au kesho. Simu ya saa 7 mchana inanikuta nimeshaandika "hakufika" na jopo limeshaona.

Kwa hiyo namba ya katibu iandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwa kuwa chaji huisha siku hizohizo. Piga picha ya basi likiwa limesimama, na ukiweza pata ujumbe wa maandishi kutoka kwa kampuni ya basi. Hakuna atakayekushuku, ila mwenyekiti akitakiwa kueleza kwa nini mmoja alisogezwa na mwingine hakusogezwa, anahitaji kitu cha kuweka kwenye faili.

Si bora nifanye usaili kwa video tu?

Inategemea na mtandao wa kwenu, na kidogo inategemea na wewe. Ukiwa na mahali penye intaneti ya uhakika, umeme wa uhakika na mlango unaofungika, video ni haki kabisa kuomba, hasa ukiwa na safari ya siku tano kama ya yule binti. Ila usiombe video kwa sababu ya nauli kabla hujauliza kuhusu masurufu. Nimeona mtu amekatika sauti mara sita kwenye dakika 25. Jopo lilijitahidi kumngoja, lakini majibu yake yalifika vipandevipande. Ukiomba, omba pia jaribio la dakika tano siku moja au mbili kabla, mahali hapohapo na saa hiyohiyo ya siku, maana mtandao wa saa 3 asubuhi si wa saa 1 usiku.

Uhakiki wa vyeti halisi utabaki. Uliza utafanyika wapi na lini.

Nitajuaje kuwa barua si ya matapeli?

Kipimo ni kimoja kikubwa: hela inaelekea wapi. Msaada wa safari unatoka kwao kuja kwako. Barua inayokutaka utume "ada ya usaili," "dhamana ya chumba" au "gharama ya kushughulikia nauli" ili urudishiwe baadaye, iache hapohapo. Vivyo hivyo kwa anayekuomba namba ya siri ya benki au ya simu, kwa kuwa kukutumia hela hakuhitaji namba yako ya siri.

Kisha tazama anwani iliyotuma, sehemu iliyo baada ya alama ya @. Ilinganishe herufi kwa herufi na ile iliyokuja siku ulipotuma maombi. Jina linaloonekana juu mtu yeyote anaweza kuliandika. Ukibonyeza kujibu, tazama tena anwani iliyojitokeza, maana barua inaweza kuonekana imetoka mahali pamoja na jibu likapelekwa kwingine. Ukiwa na shaka usijibu barua hiyo. Piga namba iliyokuwa kwenye tangazo la awali la ufadhili.

Kuna upande wa pili wa jambo hili: barua ya kweli inaweza kuangukia kwenye folda ya `Spam`, hasa ikitumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Katika majuma ambayo majibu yanatarajiwa, ifungue folda hiyo kila siku.

Nijibu kwa "jibu wote"?

Hapana. Mara moja kamati ilikosea ikaweka anwani za waombaji wote wazi, na mwombaji mmoja akajibu wote akieleza hali ya nyumbani kwao na namba ya akaunti. Mjibu aliyekuandikia peke yake. Usibadilishe kichwa cha barua, na weka namba yako ya maombi kwenye mstari wa kwanza.

Nikishapewa nauli kisha nikaugua, au nisipochaguliwa, nirudishe?

Haya ni mambo mawili. Ukisafiri, ukafanya usaili, usichaguliwe, hudaiwi kitu. Nauli ilikuwa ya kufika, si ya kushinda. Ukipewa masurufu na hukusafiri, fedha hizo si zako. Toa taarifa siku hiyohiyo na uulize zirudishwe kwa njia gani, na upewe stakabadhi ukirudisha. Kama ulishanunua tiketi na kampuni ya basi imekata sehemu kwa kughairi, leta karatasi ya makato hayo. Unarudisha kilichobaki mkononi.

Ukiwa umesafiri lakini umeugua njiani ukarudi, bado jaza fomu ya madai na uambatanishe cheti cha hospitali. Watu wawili walifanya hivyo wakati wangu, na wote walilipwa nauli ya sehemu waliyosafiri, ingawa mmoja alisubiri karibu miezi miwili kwa sababu alisahau kutia saini ukurasa wa nyuma.